Bembeo Kwanza, Mwendo Baadaye: Kusoma Majibu ya Taimgrafa

Wazee wangu, mafundi wenzangu, na vijana mliokuja kujifunza kazi,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kusoma majibu ya taimgrafa, kile kimashine kinachosikiliza saa na kupima mwendo wake, na nitafanya hivyo kwa kuwasimulia habari ya saa moja tu, Seiko 5 ya kawaida yenye mashine ya 7S26, ambayo nadhani hakuna fundi aliyeketi humu ambaye hajawahi kuifungua mgongo. Aliyeileta ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye kila jioni huilinganisha saa yake na redio wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Aliniambia, "Mwanangu, saa hii kila siku naikuta imerudi nyuma karibu dakika nzima, lakini fundi niliyempelekea mara ya mwisho aliiweka kwenye kimashine chake, akanionyesha kwamba haina tatizo."

Nilipoiweka kwenye kimashine changu, uso wake ukitazama juu, kioo kiliandika hivi:

```
+4 s/d   208°   1.9 ms   21600
```

Maana yake ni kwamba, kwa mujibu wa namba ya kwanza, saa ya mzee ilikuwa inakwenda mbele sekunde 4 tu kwa siku, jambo ambalo kwa saa ya aina hiyo ni la kushangilia. Fundi aliyenitangulia hakusema uongo, kwani alisoma kilichoandikwa. Mzee naye hakusema uongo. Kilichowatenganisha ni kwamba fundi alisoma namba moja kati ya tatu, tena akaisoma saa ikiwa imelala katika mkao mmoja, ilhali mkononi mwa mwenyewe saa hailali. Nitakayoyasema leo yote yanatokana na hapo.

Kwanza tuelewe kifaa chenyewe kinapata wapi habari zake. Taimgrafa haioni kitu, inasikia. Kile kibano kinachoshika saa kina kipaza sauti ndani yake, na sauti hupita kwenye chuma, si hewani, ndiyo maana tunahimizwa kuiweka saa kiasi kwamba kifundo cha ufunguo kinagusa upande wa chuma wa kibano na si ule upande wenye springi. Kinachosikika masikioni mwetu kama "tik" moja, kwa kifaa ni sauti tatu zilizofuatana kwa haraka mno. Ya kwanza ni ile pini ya jiwe iliyo chini ya balansi, lile gurudumu linalobembea, inapougonga uma ili kuufungua. Ya pili ni jino la gurudumu la kuachia linapoteleza juu ya jiwe la uma na kuisukuma balansi. Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni jino jingine linapoangukia jiwe la upande wa pili na uma unapojibana kwenye ukingo wake. Kifaa kina saa ya quartz ndani yake, nacho hulinganisha sauti hizo na mwendo wa quartz. Hakina chanzo kingine cha habari, na kila namba inayoonekana kwenye kioo imekokotolewa kutokana na vipindi baina ya sauti hizo.

Namba ya mwendo, ile inayoandikwa kwa `s/d`, ndiyo rahisi kuielewa. Mashine ya 7S26 hupiga mapigo 21600 kwa saa, yaani sita kwa sekunde, na mapigo 518400 kwa siku. Kifaa husikiliza mapigo kwa muda fulani, kikapata wastani, kisha kikazidisha tofauti ndogo iliyoonekana hadi ifikie siku nzima. Hapo ndipo penye mtego. Kwa mwendo wa +4, kila pigo moja linawahi kwa kiasi kisichofika sehemu moja kwa mia ya milisekunde, na kifaa kimeyasikiliza mapigo hayo kwa sekunde chache tu, katika mkao mmoja, springi ikiwa imejaa. Kinapotuambia "kwa siku" hakikuiona siku. Kinatabiri, na utabiri wake ni wa kweli iwapo tu saa itabaki vilevile ilivyo sasa hivi kwa saa ishirini na nne zote, jambo ambalo halitokei.

Upana wa bembeo ni habari nyingine kabisa. Hii ndiyo namba ya digrii, na inatueleza balansi inazunguka kiasi gani kutoka mahali pake pa kutulia hadi inapogeuka upande mmoja. Kifaa hakiwezi kuipima kwa kuitazama, kwa hiyo hufanya hesabu. Husikiliza sauti ya kwanza na ya tatu ya pigo, kikapima muda uliopita kati yake. Katika muda huo balansi imepita pembe fulani inayojulikana, ambayo mimi huiita pembe ya kunyanyua, na ambayo kwa 7S26 ni digrii 53. Balansi inayobembea kwa upana mkubwa hupita hapo katikati kwa kasi, na inayobembea kivivu hupita polepole. Kwa hiyo muda mfupi maana yake ni bembeo pana, na muda mrefu maana yake ni bembeo jembamba. Anayetaka hesabu yenyewe ni hii:

```
A = 3600 × L / (π × n × t)
```

Hapo A ni upana wa bembeo, L ni pembe ya kunyanyua, n ni mapigo kwa saa, na t ni muda kwa sekunde. Saa ya mzee ilitumia kama milisekunde 13.5 kuivuka pembe hiyo, ndipo zikapatikana zile digrii 208. Ingekuwa na afya ingetumia kama milisekunde 10.7, na kioo kingeandika 262. Tofauti ya uzima na ugonjwa hapa haifiki milisekunde tatu.

Kutokana na hesabu hiyo mnaona mara moja kwamba pembe ikiingizwa vibaya, jibu nalo litaharibika. Vifaa vingi vya bei nafuu huwashwa vikiwa vimepangwa kwenye digrii 52. Kwa 7S26 kosa hilo ni dogo, kwani 262 itasomeka kama 257, na hakuna atakayekufa. Lakini zipo mashine za saa ambazo pembe yake ni digrii 44 au chini ya hapo, na ukizisoma kwa 52 utaambiwa 310 mahali ambapo ukweli ni 262, nawe utamrudishia mtu saa chafu ukiamini ni nzima.

Usipoijua pembe, au ukishuku kwamba kifaa kinakudanganya, jicho lako linaweza kuamua. Weka doa dogo la wino kwenye ukingo wa balansi, utazame doa hilo linakaa wapi balansi ikiwa imetulia. Kisha tia ufunguo kidogo kidogo ukiwa unatazama, au siku hizi unaweza kupiga video ya mwendo wa taratibu kwa simu. Bembeo linapofika digrii 180 hasa, doa litakuwa linasimama mahali pamoja tu, upande wa pili kabisa wa lile la kutulia, iwe balansi imekwenda kulia au kushoto, kwa sababu nusu mzunguko kwa kulia na nusu mzunguko kwa kushoto hukutana pointi ileile. Likiwa chini ya 180 utaliona linasimama sehemu mbili ambazo hazijakutana, na likizidi utaziona zimepishana. Linapofika hapo, tazama kioo. Kama hakiandiki 180, badilisha pembe hadi kiandike, na namba utakayoipata ndiyo pembe ya mashine hiyo. Mimi nilifanya hivyo na saa ya mzee, ingawa pembe nilikuwa naijua, kwa sababu balansi chafu wakati mwingine hutoa kelele nyingine katikati ya pigo na kifaa kikachukua sauti isiyo yake. Nimewahi kuona kioo kikiandika 315 juu ya balansi iliyokuwa ikijikokota mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo 208 ilikuwa ya kweli. Je, ni mbaya kiasi gani? Hapa napenda vijana wanisikilize vizuri, kwa sababu kwenye mitandao watasoma kwamba saa nzuri lazima ifike digrii 280 au 300. Zipo zinazofika huko. 7S26 iliyosafishwa vizuri mara nyingi hukaa kati ya 250 na 270 uso ukiwa juu, na mtu anayeilazimisha ifike 300 kwa kuongeza mafuta pasipotakiwa ataiharibu. Kwa upande wa pili, hakuna kizuri katika kuzidi, kwa sababu bembeo likikaribia 330 pini ya jiwe huzunguka hadi kuugonga uma kwa upande wa nje, nao mwendo huruka mbele ghafla kwa kiasi cha kutisha. Lakini 208, springi ikiwa imejaa na uso ukiwa juu, mkao ambao msuguano ni mdogo kuliko mingine, ni saa inayoomba kusafishwa.

Nasema springi imejaa kwa sababu nilihakikisha. 7S26 haitiwi ufunguo kwa kifundo, kama mjuavyo, kwa hiyo kuitikisa mara tatu na kuiweka kwenye kibano si kipimo. Niliijaza kwa bisibisi kwenye skrubu ya gurudumu la pipa hadi nikasikia springi inateleza ndani, kisha nikaiacha kama nusu saa, ili ule mkazo wa kupita kiasi wa mwanzoni utulie. Ukipima springi ikiwa robo utapata bembeo jembamba na utayalaumu mafuta bure.

Baada ya hapo niligeuza kibano. Mzee huvaa saa mkono wa kushoto, kifundo kikiwa upande wa saa kumi kwa hesabu ya Kiswahili, karibu na pale palipoandikwa 4. Mkono ukining'inia kifundo hutazama chini, na huo ndio mkao ambao saa yake hukaa kwa sehemu kubwa ya mchana. Nikaigeuza hivyo, nikasubiri nusu dakika kwanza ili balansi itulie, kwa sababu namba zinazotoka mara tu baada ya kugeuza hazina maana, kisha nikasoma:

```
-95 s/d   166°   2.4 ms   21600
```

Hiyo ndiyo dakika ya mzee. Usiku saa ikilala chali ilikwenda karibu sawasawa, na mchana ikining'inia ilipoteza kwa kiwango cha sekunde 95 kwa siku. Changanya vipindi hivyo viwili na mikao mingine ya katikati, utapata karibu dakika moja, kama redio ilivyokuwa ikimwambia jioni zote hizo.

Ni kawaida bembeo lipungue saa inaposimamishwa wima, kwani ikiwa imelala, balansi husimama juu ya ncha moja ndogo ya mhimili, na ikiwa wima mhimili wote hulalia pande za mawe mawili. Kupungua digrii 20 hadi 40 hakunishtui. Huku lilipungua 42 kutoka kwenye namba ambayo tayari ilikuwa ndogo, na bembeo likiwa chini ya digrii 170 balansi haina tena nguvu za kuficha kasoro zake. Kila pigo la uma huisumbua balansi kidogo na kuichelewesha, na usumbufu huo ni mkubwa zaidi kwa balansi inayobembea kivivu. Tena balansi isiyosawazishwa vizuri uzito wake huvuta mwendo upande mmoja bembeo likiwa chini ya takriban 220, na huvuta upande wa pili likiwa juu ya hapo. Hiyo ndiyo sababu naona ni kupoteza muda kujadili tofauti za mikao kabla bembeo halijarudi mahali pake, maana namba hizo zitageuka zenyewe.

Sasa tuulize swali ambalo fundi aliyetangulia hakujiuliza: saa chafu namna hii iliwezaje kuonyesha +4 uso ukiwa juu? Nilipotazama kile kishikio cha kurekebisha mwendo, nilikikuta kimesukumwa mbali kuelekea upande wa kuharakisha. Saa ilikuwa imeanza kuchelewa kwa sababu ya uchafu, mtu akasukuma kishikio hadi kioo kikampendeza, akafunga mgongo. Alichorekebisha ni namba. Mafuta yalibaki yamekauka na saa ikaendelea kuzeeka.

Tukifika kwenye namba ya tatu, ile ya kutolingana kwa mapigo, watu wengi huielewa kwa jina tu. Balansi inapotulia, pini yake inapaswa kuwa katikati kabisa ya uma, ili safari ya kwenda kulia iwe sawa na ya kwenda kushoto. Ikikaa pembeni kidogo, "tik" hadi "tak" huchukua muda tofauti na "tak" hadi "tik", kama mtu anayechechemea. Kwenye kioo mtaiona kama mistari miwili inayokwenda sambamba badala ya mmoja, na kadiri inavyoachana ndivyo kutolingana kunavyokuwa kukubwa. Yule anayechechemea anaweza kufika kwa wakati, kwa sababu hatua fupi na hatua ndefu zikijumlishwa hutoa jozi ileile, na ndiyo maana mwendo wa +4 na kutolingana kwa milisekunde 1.9 viliweza kukaa kwenye kioo kimoja bila kugombana. Ubaya wake huonekana kwingine: saa hukataa kuanza yenyewe baada ya kulala, na mwendo wake huyumba kadiri springi inavyoisha. Mimi huridhika na 0.5 kushuka chini, na nikikuta zaidi ya 1 naishughulikia.

Angalieni jambo moja ambalo linanivutia sana katika namba za mzee. Uso ukiwa juu tulisoma milisekunde 1.9, na kifundo kikiwa chini tukasoma 2.4. Je, pini ilihama? Hapana, pini ilikuwa palepale. Kilichobadilika ni kasi ya balansi inapopita katikati. Umbali uleule wa pembeni ukivukwa kwa kasi ndogo huchukua muda zaidi, na ukizidisha 1.9 kwa 208 kisha ukagawa kwa 166 utapata 2.4 bila kubahatisha. Kwa hiyo milisekunde za kutolingana hazisomeki peke yake, husomwa pamoja na digrii zilizo kando yake. Fundi anayerekebisha kutolingana kwenye saa chafu anarekebisha kitu kilichovimbishwa na uchafu.

Kabla ya kuifungua nilifanya jambo jingine dogo, nikapitisha dira ya bei rahisi juu ya saa. Mshale ukicheza, saa ina sumaku. Sumaku hufanya mizunguko ya ile springi nyembamba kama unywele ishikane, springi ikawa kana kwamba imefupishwa, na saa ikakimbia kwa dakika nzima au zaidi kwa siku, huku mistari kwenye kioo ikitawanyika kama mchele uliomwagika. Ukikuta mwendo umeruka mbele hivyo, usiguse kishikio kabla ya kutoa sumaku, kazi isiyofika dakika moja. Mafuta yaliyogusa springi hiyo hufanya vilevile, ila hayo hayatoki kwa kifaa cha sumaku, na dira haitayaona. Kwa mzee mshale haukucheza, na mistari yake ilikuwa safi ingawa miwili, basi nikajua tatizo ni msuguano. Kama mistari ingekuwa inapanda na kushuka kwa mawimbi yanayojirudia, ningetafuta kwenye magurudumu. Gurudumu la kuachia lenye meno 15, kwa mfano, humaliza mzunguko kwa mapigo 30, ambayo kwa mapigo 21600 ni sekunde 5, na wimbi linalojirudia kila sekunde 5 linakuonyesha gurudumu gani la kutazama kwa lenzi.

Habari ya kusafisha sitaisimulia, kwani mnaijua. Niliifungua yote, mafuta ya zamani kwenye mawe ya balansi yalikuwa yamegeuka kama gundi ya kahawia, nikaosha, nikakausha, nikatia mafuta mapya. Sikugusa kishikio wala kile kibeba-mwisho cha ile springi nyembamba. Nilitaka kuona saa itasema nini yenyewe. Ikasema hivi, uso ukiwa juu:

```
+85 s/d   262°   1.5 ms   21600
```

Kijana aliyekuwa akijifunza kwangu alishtuka, akasema, "Mwalimu, tumeiharibu, ilikuwa +4 sasa ni +85." Nikamwambia atazame katikati. Bembeo lilikuwa limepata digrii 54, na zile sekunde 85 ni deni la fundi aliyesukuma kishikio, ambalo uchafu ulikuwa ukilificha. Nikamwambia atazame na namba ya tatu, ambayo hakuna mkono ulioigusa lakini imeshuka kutoka 1.9 hadi 1.5. Zidisha 1.9 kwa 208, gawa kwa 262. Pini iko palepale, balansi ndiyo imepata kasi.

Kilichobaki kilikuwa kurekebisha, na hapo mpangilio una maana. Nilianza na kutolingana, nikiisogeza ile sehemu inayobeba mwisho wa springi, kwa sababu ukiisogeza hiyo mara nyingi unavuruga na mwendo, na kama ungeanza na mwendo ungeurudia upya. Mistari miwili ikasogeleana hadi ikawa karibu mmoja, na kioo kikaandika 0.2. Kisha nikaenda kwenye kishikio cha mwendo.

Hapa ndipo vidole vinapopimwa. Muda wa bembeo hufuata kipeuo cha pili cha urefu wa ile springi nyembamba, kwa hiyo sekunde 85 kwa siku, ambazo ni takriban sehemu moja kwa elfu ya siku, zinahitaji springi irefuke kwa sehemu mbili tu kwa elfu. Kwa macho makavu huoni kishikio kikisogea. Mimi hukisukuma kwa kijiti kigumu cha mti, si kwa bisibisi ya chuma inayoweza kuteleza na kutoboa springi, naye anayesukuma asitarajie kuona. Sukuma kwa hisia, ondoa mkono, subiri nusu dakika, soma. Nilirudia mara nne, na mara ya pili nilipitiliza nikafika -30, kwa hiyo msione aibu mkipitiliza.

Mwisho wa siku hiyo ilisomeka +9 uso ukiwa juu na bembeo la 264, +11 uso ukiwa chini, +2 kifundo kikiwa chini na bembeo la 236, na -4 kifundo kikiwa juu. Tofauti kati ya mkao ulio haraka na ulio polepole kuliko yote ilikuwa sekunde 15, ambapo siku ya kwanza, katika mikao miwili tu, ilikuwa 99. Niliiacha usiku kucha mezani bila kuitikisa, na baada ya saa ishirini na nne nikaisoma tena uso ukiwa juu: +6, bembeo 233. Kusoma huku kwa pili watu hukuruka kwa haraka ya kumpa mteja saa yake, nami nakuona ndiko kunakojibu swali la mteja, kwa sababu asubuhi anapoivaa saa springi yake haijajaa. Bembeo lingeporomoka hadi 180 baada ya siku moja, ningeirudisha mezani na kuitazama springi kuu yenyewe, hata kama namba za jana zilikuwa za kupendeza.

Mzee aliichukua, akarudi baada ya siku nane na kipande cha karatasi chenye tarehe na sekunde alizoandika kila jioni kwa redio. Saa ilikuwa imekwenda mbele sekunde 40 kwa jumla, yaani tano kwa siku, akaniuliza kwa upole kama na hizo zingeweza kuondolewa. Ningeweza kufungua mgongo na kukigusa tena kishikio, lakini sikuona sababu ya kuifungua saa iliyofungwa vizuri. Nilimuuliza usiku anaiweka vipi, akasema chali, juu ya meza. Saa nane za usiku kwa mwendo wa +9 ni sekunde 3 kati ya zile tano. Nikamwomba ailaze kwa ubavu, kifundo kikitazama juu, ambapo inarudi nyuma kwa -4, ili usiku upunguze zaidi ya sekunde moja badala ya kuongeza tatu. Siku nane zilizofuata karatasi yake ilikuwa na sekunde 6.